Sindano ya Mjukuu, Kinga ya Bibi

Kwenye mashamba makubwa ya ngano ya magharibi mwa Kanada wanaishi watu wanaoitwa Wahuteri. Ni Wakristo wa madhehebu yaliyoanzia Ulaya ya kati katika karne ya 16, na mpaka leo maisha yao ni ya ujima: shamba ni la wote, trekta ni la wote, jiko ni la wote. Saa ya chakula ikifika kijiji kizima huingia bwaloni, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na watoto wa umri wa shule hukaa pamoja mezani kwao. Ibada ni ya pamoja, shule ni moja na ipo palepale kijijini. Kijiji chenyewe hakina watu wengi, aghalabu mia moja hivi, na karibu wote ni ndugu au mashemeji.

Kwa kirusi cha mafua, mahali kama hapo ni neema tupu. Kwa Dk. Mark Loeb wa Chuo Kikuu cha McMaster, palikuwa mahali pa kujibia swali lililowasumbua madaktari kwa miaka mingi: ukiwachanja watoto peke yao, je, babu na bibi ambao hawakuchanjwa nao wanasalimika?

Mafua yanayozungumziwa hapa si yale makamasi ya siku mbili tatu yanayoisha kwa chai ya tangawizi. Ni homa ya mafua, ile inayoletwa na virusi vya influenza, inayomwangusha mtu kitandani kwa homa kali, kikohozi kikavu na maumivu ya viungo vyote. Kijana huamka baada ya wiki. Mzee wa miaka 75 mwenye kisukari au moyo dhaifu anaweza kuingia nayo hospitali na kutoka amebebwa, kwa sababu nyuma ya mafua huja nimonia.

Mwishoni mwa mwaka 2008, kabla ya msimu wa mafua kushika kasi, timu ya Loeb ilikwenda kwenye vijiji 49 vya Wahuteri katika majimbo ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika kundi la kwanza, watoto wa miaka mitatu hadi 15 walichomwa chanjo ya mafua. Katika kundi la pili, watoto wa umri uleule walichomwa chanjo ya homa ya ini aina ya A, ambayo ina faida yake lakini haihusiki kabisa na mafua. Wazazi hawakujua kijiji chao kimepata ipi. Hata wauguzi waliofuatilia wagonjwa hawakujua. Siri hiyo ilikuwa ya lazima, maana mtu akijua kijiji chake kimekingwa, huenda akapuuza kikohozi chake asikitaje, na hesabu yote ikapotoka.

Kisha ikaja kazi ya kuchosha. Mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita, wauguzi walipita kijiji kwa kijiji wakiuliza nani anakohoa, nani ana homa, nani kichwa kinamuuma. Aliyekuwa na dalili mbili au zaidi alichukuliwa sampuli puani kwa kijiti chenye pamba, nayo ikapelekwa maabara kutafutwa chembe za urithi za kirusi cha influenza. Hatua hiyo ndiyo inayoutofautisha utafiti huu na tafiti nyingi za zamani, kwa sababu kikohozi na homa huletwa na virusi vya aina nyingi sana. Ukihesabu kila anayekohoa kuwa ana homa ya mafua, faida ya chanjo humezwa na maradhi mengine isiyoyagusa.

Watoto waliochomwa chanjo ya mafua walikuwa 502. Lakini macho ya watafiti hayakuwa kwao. Yalikuwa kwa wale ambao hawakuchomwa chochote na watafiti: wazazi, wajomba, mabibi, wachunga ng'ombe, wapishi wa bwaloni. Katika vijiji ambavyo watoto walipata chanjo ya mafua, watu hao walikuwa 1,271, na 39 kati yao walithibitishwa kuugua. Katika vijiji vya chanjo ya homa ya ini walikuwa 1,055, na 80 waliugua. Yaani upande mmoja waliugua watu watatu katika kila mia, na upande mwingine zaidi ya saba na nusu. Watafiti walipoingiza katika hesabu jinsi watu wa kijiji kimoja wanavyoambukizana, walipata kwamba hatari kwa mtu ambaye hakuchanjwa ilikuwa imepungua kwa asilimia 61.

Mtu anaweza kuikokotoa kwa penseli. Kama wale 1,271 wangeugua kwa kiwango cha vijiji vya upande wa pili, wagonjwa wangekuwa kama 96. Walipatikana 39, kwa hiyo 57 hivi walinusurika. Gawanya watoto 502 kwa 57: kila watoto tisa waliochomwa sindano walimkinga mtu mmoja ambaye mkono wake haukuguswa. Hapo bado hatujahesabu watoto wenyewe walioepuka kulala na homa.

Inakuwaje sindano ya mtoto ikamfikia bibi? Jibu liko katika tabia ya mafua, ambayo kwa kulinganisha na maradhi mengine ya kuambukiza ni ya upole kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Mgonjwa wa mafua ya msimu wa kawaida huambukiza, kwa wastani, mtu mmoja na kitu: takribani 1.3. Yaani wagonjwa kumi wataambukiza 13, na hao 13 wataambukiza kama 17. Mafua hayashindi kwa nguvu bali kwa haraka, kwa kuwa mzunguko mmoja huchukua siku tatu hivi. Baada ya mizunguko kumi, ambayo ni kama mwezi, wale wagonjwa kumi wa mwanzo wamezaa duru ya wagonjwa karibu 140.

Sasa ishushe ile 1.3 kidogo tu, iwe 0.9. Wagonjwa kumi wanaambukiza tisa, tisa wanaambukiza wanane, na baada ya mwezi uleule duru ya mwisho ina wagonjwa watatu au wanne. Moto umezimika wenyewe kabla ya kufika nyumba zote. Kwa surua, kuishusha 15 hadi chini ya moja kunahitaji karibu kila mtoto awe na kinga, ndiyo maana wataalamu hupiga kelele kuhusu asilimia 95. Kwa mafua inatosha kinga halisi kwa takribani robo ya watu. Chanjo ya mafua haikingi kila anayechomwa, na mwaka mwingine hufanya kazi kwa nusu yao tu au pungufu, kwa hiyo ili upate robo ya kweli lazima uchanje karibu nusu ya watu wote. Hiyo ni kama ukichanja bila kuchagua. Ukichagua wale wanaosambaza zaidi, unahitaji wachache kuliko hapo.

Na wanaosambaza zaidi ni watoto wa shule. Mtoto hajawahi kukutana na aina nyingi za mafua, hivyo mwili wake huchelewa kukitambua kirusi. Hukitoa kwa wingi zaidi na kwa siku nyingi kuliko mtu mzima. Halafu kuna maisha yake yalivyo: darasa la watoto arobaini au themanini, dawati la watu watatu, kalamu inayotafunwa na mmoja na kuazimwa na mwingine, mkono unaopangusa pua na kushika mlango. Jioni mtoto huyo yuko nyumbani, amelala ubavuni mwa bibi akisikiliza hadithi.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa njia hii, ingawa ni wa kirusi kingine. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walizifuata kaya 47 zenye jumla ya watu karibu 500 kuanzia mwisho wa 2009 hadi katikati ya 2010. Walichukua sampuli za puani mara mbili kwa wiki kutoka kwa kila mtu, awe anaumwa au la. Walikuwa wanatafuta kirusi cha RSV, kinacholeta nimonia kwa watoto wachanga, na walitaka kujua nani hukiingiza nyumbani. Mara nyingi walikuwa kaka na dada wakubwa wa yule mchanga, hasa wale wanaokwenda shule. Mama, ambaye ndiye hulaumiwa kwanza mtoto akipata kikohozi, hakuwa mshukiwa mkuu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusimchanje bibi mwenyewe, tukamaliza maneno? Nchi nyingi tajiri hufanya hivyo, na ni sahihi. Tatizo ni kwamba kinga ya mwili huzeeka pamoja na mwenye mwili. Chanjo ileile inayomwezesha mtoto wa miaka tisa kutengeneza askari wa kutosha, kwa mzee wa miaka themanini huamsha wachache. Anayehitaji kinga zaidi ndiye ambaye sindano humsaidia kidogo zaidi.

Nchi iliyolifanyia kazi wazo hili kwa ukubwa kuliko nyingine zote ni Japani. Mwaka 1957 janga la mafua lililotokea Asia lilizikumba shule zake vibaya, na kuanzia 1962 serikali ikaanza kuwachanja wanafunzi. Mwaka 1977 sheria ikafanya chanjo hiyo kuwa ya lazima. Hapakuwa na mpango mkubwa wa kuwachanja wazee. Mkakati wenyewe ulikuwa kuziba mlango wa shule. Kwa miaka mingi, kati ya nusu na asilimia 85 ya wanafunzi walichomwa.

Wazazi wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa ya kipuuzi. Waliona watoto wao wanatumiwa kama ukuta wa kuzuia mawimbi yasiwafikie wengine. Katika mji wa Maebashi, mtoto alipata degedege baada ya kuchomwa, na mwaka 1979 mji huo ukasitisha chanjo shuleni. Madaktari wa Maebashi wakaamua kulinganisha mji wao na miji jirani iliyoendelea kuchanja. Ripoti yao ya 1987 ilisema hawakuona tofauti kubwa: wanafunzi walikosa shule kwa mafua karibu sawasawa. Mwaka huohuo wazazi wakaruhusiwa kukataa, na mwaka 1994 mpango mzima ukafutwa.

Ukiisoma hadithi hiyo baada ya kuwafahamu wauguzi wa Kanada na vijiti vyao vya pamba, kasoro inaonekana mara moja. Maebashi ilitegemea zaidi homa na utoro wa darasani, si majibu ya maabara, na iliwatazama wanafunzi. Wazee hawakuwemo katika daftari.

Aliyefungua daftari la wazee ni Thomas Reichert na wenzake, katika makala iliyotoka mwaka 2001 kwenye jarida la tiba la New England la Marekani. Walichukua vifo vyote vya Japani kwa miaka hamsini na kutazama vifo vya ziada vya majira ya baridi. Vilishuka mpango ulipoanza, na vikapanda tena ulipolegezwa na kufutwa. Kwa makadirio yao, mpango uliokoa maisha ya watu 37,000 hadi 49,000 kwa mwaka, sawa na mtu mmoja kwa kila watoto 420 waliochanjwa. Takwimu hizo zilizunguka dunia nzima na bado zinanukuliwa.

Hapa pana haja ya kushika breki. Katika miongo hiyohiyo Japani ilitajirika, watu wakala vizuri zaidi, nyumba zikapata joto, hospitali zikaboreka, na idadi ya wazee ikaongezeka mno. Vyote hivyo hupandisha au kushusha vifo vya baridi bila kushauriana na chanjo. Mwaka 2011 kundi jingine la watafiti, akiwemo Lone Simonsen, lilirudia hesabu hiyo likiwalinganisha wazee wa Japani na wa Marekani, na likizingatia umri na aina ya kirusi kilichotawala kila msimu. Waliona kwamba faida ipo: vifo vya wazee vinavyotokana na mafua vilipungua kwa kama asilimia 36. Ila katika idadi ya watu, hiyo ilikuwa takribani vifo 1,000 kwa mwaka, si makumi ya maelfu. Anayetaka kuwashawishi wazazi kwa ile takwimu kubwa ajue kwamba ndogo ndiyo iliyochujwa vizuri zaidi, na kwamba hata hiyo inatosha kujenga hoja.

Uingereza ilichukua njia ya tatu. Kuanzia 2013 ilianza kuwapa watoto chanjo ya kupuliza puani: mililita 0.1 kila tundu la pua, na mtoto anarudi darasani. Ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa na kuzoeshwa baridi. Puani, ambako kuna ubaridi kidogo, huzaliana na kuufundisha mwili. Vikishuka mapafuni penye joto hushindwa kuzaliana. Katika msimu wa 2014 hadi 2015, baadhi ya maeneo yaliwapa wanafunzi wote wa shule za msingi na mengine bado. Katika maeneo yaliyotoa, watoto wa shule za msingi waliokwenda kwa daktari wakiwa na dalili za mafua walipungua kwa asilimia 94. Watu wazima wa maeneo hayo, ambao hawakuwemo katika mpango, walipungua kwa asilimia 59.

Kwa familia za Waswahili wanaoishi London au Leicester, mpango huo ulikuja na swali lake. Chanjo ya kupuliza imetengenezwa kwa jelatini ya nguruwe ili isiharibike. Wapo wanazuoni wanaosema jelatini iliyobadilika kabisa asili yake haina tatizo, na wapo wasiokubali, na wazazi wengi hawakusubiri mjadala uishe. Fomu za ruhusa zilirudi shuleni zikiwa zimekataliwa. Baadaye wazazi wa namna hiyo walipewa nafasi ya kuchagua sindano isiyo na jelatini. Hilo lingeweza kufikiriwa tangu mwanzo, kwa sababu kinga ya jamii haienei sawasawa kama rangi ukutani. Darasa ambalo nusu ya watoto hawakuchanjwa ni mlango wazi, hata kama wastani wa mji ni mzuri.

Kuna sehemu ambako mambo hayakwenda kama Kanada. Senegali, katika vijiji vya Niakhar, watoto wa miezi sita hadi miaka kumi walichanjwa kwa utaratibu uleule wa kura, vijiji vingine vikipata chanjo ya polio badala yake. Dhidi ya aina moja ya mafua ya msimu, watoto waliochanjwa walipata kinga ya wastani, kama asilimia 44. Lakini kwa majirani ambao hawakuchanjwa, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati tu. Kisha kirusi kipya cha janga la 2009 kikaingia, nacho chanjo hiyo haikukihusu.

Tofauti hiyo ina mafunzo kuliko mafanikio yenyewe. Kijiji cha Wahuteri kimejitenga, na ukiufunga mlango wa shule yake umefunga karibu milango yote. Kijiji cha Afrika kina gulio la kila wiki, daladala, misiba yenye watu mia tatu, na vijana wanaokwenda mjini na kurudi. Kirusi kikizuiwa shuleni kinapita sokoni. Na chanjo yenyewe ikiwa inakinga chini ya nusu ya waliochomwa, kinachobaki kwa ajili ya jirani ni kidogo.

Kwa Kenya na Tanzania kuna ugumu mwingine, wa kalenda. Kanada ina baridi moja na msimu mmoja, hivyo wanachanja kabla yake na kazi imekwisha. Karibu na ikweta mafua huzunguka mwaka mzima, yakipanda mara moja au mbili, na si lazima miezi ileile kila mwaka. Kinga ya chanjo hufifia baada ya miezi kadhaa. Mwanafunzi aliyechomwa Januari anaweza kuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya kinga mawimbi ya pili yakifika. Shule zetu si ngeni kwa sindano, kwani wasichana wamekuwa wakipata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi wakiwa darasani. Ila hiyo haihitaji kurudiwa kila mwaka. Ya mafua inahitaji, na kwa bajeti ambayo bado inahangaika kufikisha chanjo ya surua kwa kila mtoto, ni vigumu kusema ipewe nafasi ya mbele.

Wakati huo huo chanjo ya mafua inauzwa katika hospitali binafsi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na mahujaji wengi huichoma kabla ya safari ya Makka. Familia yenye mzee mwenye pumu au kisukari, na uwezo wa kulipia dozi mbili tatu, inafanya busara kumchanja mzee mwenyewe kisha mtoto anayelala naye chumba kimoja. Kabla ya kulipa, waombe kuona boksi. Shirika la Afya Duniani huchagua mchanganyiko wa virusi mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini, Septemba kwa za kusini, na boksi huandikwa msimu wake. Chanjo yenye maandishi ya msimu uliopita, hata kama imehifadhiwa vizuri kwenye friji, huenda imetengenezwa kwa ajili ya virusi vilivyokwisha badilika.